Zimebaki siku ngapi? Kuhesabu hadi siku ya kuzaliwa, na namna ya kumwandika aliyezaliwa 29 Februari

Vikundi vingi vya Dodoma vina daftari la siku za kuzaliwa: kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kule Nzuguni, kwaya ya kule Kikuyu, kituo cha kulelea watoto cha Ipagala, idara moja kwenye ofisi za Mtumba. Anayelishika anatakiwa ajue nani anafuata na zimebaki siku ngapi, ili mchango uitishwe mapema na keki iagizwe kwa wakati. Kwa wanachama karibu wote hiyo ni hesabu ya kutoa na kujumlisha. Kwa aliyezaliwa 29 Februari si hesabu peke yake, kwa sababu miaka mitatu kati ya minne tarehe yake haimo kwenye kalenda, na lazima mtu aamue aandikwe wapi. Msipoamua ninyi, kompyuta itawaamulia bila kuwaambia. Mbaya zaidi, fomula mbili zinazotumika sana kwenye Excel zinaamua tofauti.

Mifano yote hapa chini inachukulia kwamba leo ni Jumatano, 14 Oktoba 2026. Tarehe hiyo ni Siku ya Nyerere, wengi hawaendi kazini, na daftari linaweza kukaguliwa kwa utulivu.

Kwanza kwa mkono

Anza na kalenda ya ukutani hata kama una kompyuta. Asiyeweza kuhesabu kwa mkono hana namna ya kugundua kwamba jedwali linamdanganya.

Kanuni ni moja: leo haihesabiwi, siku yenyewe inahesabiwa. Mtu ambaye siku yake ni kesho amebakiza siku 1, na ambaye siku yake ni leo amebakiza 0. Makosa mengi ya siku moja yanatoka hapa. Mmoja anaweka kidole juu ya leo na kusema "moja", mwenzake anaweka kidole juu ya kesho, kisha wanabishana wakati wote wawili wamehesabu vizuri kwa kanuni mbili tofauti.

Chukua mwanachama aliyezaliwa 7 Julai. Siku zilizobaki za Oktoba ni 31 kutoa 14, yaani 17. Ongeza miezi mizima inayofuata: Novemba 30, Desemba 31, Januari 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30, Mei 31, Juni 30. Mwisho ongeza siku 7 za Julai. Jumla ni 266. Ukisahau mwezi upi una 31 na upi una 30, kunja ngumi uhesabu juu ya vifundo: kifundo ni 31, bonde ni pungufu, na Julai na Agosti zote mbili zinakaa kwenye kifundo.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa 14 Oktoba 2027 inatoa 267, kwa kuwa njiani utaipita Februari ya 2028 yenye siku 29. Kwa hiyo mwaka mrefu hauwahusu waliozaliwa 29 Februari peke yao. Unamwongezea siku moja kila mtu ambaye njia ya kufika siku yake inapita tarehe hiyo. Wanaonakili majibu ya mwaka jana kwenye daftari jipya hukosea kwa siku moja kwa sababu hii.

Kuujua mwaka mrefu, gawanya kwa 4. Ukigawanyika bila kubaki kitu, ni mrefu: 2004, 2008, 2024, 2028. Isipokuwa mwaka unaoishia na sifuri mbili, ambao ni lazima ugawanyike kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2100 hautakuwa. Kanuni hii ndiyo marekebisho ya Papa Gregori wa 13 ya mwaka 1582. Kabla yake kalenda ya Julius Kaisari iliongeza siku kila mwaka wa nne bila kubagua, na tarehe zikawa zinaachana na majira polepole.

Majibu matatu kwa mtu mmoja

Sasa chukua binti aliyezaliwa 29 Februari 2004. Leo, 14 Oktoba 2026, amebakiza siku ngapi?

Kama kikundi kinamsherehekea mwisho wa Februari, siku yake inayofuata ni 28 Februari 2027: 17 na 30 na 31 na 31 na 28, jumla 137. Kama kinamsherehekea siku inayofuata baada ya 28, ni 1 Machi 2027, na jibu ni 138. Kama yeye mwenyewe anasema siku yake ni 29 Februari tu na hataki nyingine, itabidi asubiri hadi Jumanne 29 Februari 2028. Chukua 137, ongeza 365 za kufika 28 Februari 2028, ongeza 1. Ni siku 503.

Majibu yote matatu ni sahihi kihesabu. Tofauti iko kwenye swali, na ndiyo maana swali linaulizwa kabla ya kufungua kompyuta.

Wanaoshika 28 Februari wanasema amezaliwa Februari, abaki Februari, na siku yake ni ya mwisho ya mwezi huo. Wanaoshika 1 Machi wanasema siku yake ni ile inayokuja baada ya 28, na katika mwaka mfupi inayokuja baada ya 28 ni 1 Machi. Tena mwaka wake haujatimia mpaka 28 iishe. Hata sheria za nchi mbalimbali zimegawanyika. Nyuzilandi, kwenye sheria zake za usafiri wa barabarani, imechagua 28 Februari. Hong Kong, kwenye sheria ya umri wa utu uzima, imechagua 1 Machi.

Ushauri wetu ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya: sherehe na umri.

Kwa sherehe, muulize mwenyewe, mara moja, na uandike jibu lake kwenye daftari. Usimkisie. Wengi wameshazoea siku moja tangu utotoni, na ukiitangaza nyingine anajikuta anawasahihisha watu kila mwaka. Kwa mtoto mdogo, waulize wazazi. Jibu lina uzito hata kwa maandalizi: mwaka 2027 tarehe 28 Februari ni Jumapili na 1 Machi ni Jumatatu, kwa hiyo kwa kwaya chaguo moja linaangukia siku ya ibada ambapo watu wote wapo, na jingine linaangukia siku ya kazi.

Kwa umri, yaani pale ambapo kikundi kina kiwango kama miaka 18 ya kujiunga au kukopa, tumia 1 Machi. Sababu yake ni ya kivitendo. Ikifika 1 Machi pande zote mbili zinakubaliana kwamba ametimiza. Tarehe 28 Februari upande mmoja tu unakubali. Kumsubirisha siku moja hakumwumizi mtu, ila kumsainisha mkopo siku ambayo mwingine anaweza kusema alikuwa bado mtoto ni kutafuta matatizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na hapo siku moja ina maana.

Na jambo hili si la mara chache kama linavyoonekana. Mtu wa 29 Februari amezaliwa mwaka mrefu, na 18 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo mwaka anaotimiza 18 hauwezi kuwa mrefu. Aliyezaliwa 2008 ametimiza 2026, wa 2012 atatimiza 2030. Kila mmoja wao, bila kubakiza, anafikia utu uzima katika mwaka ambao tarehe yake haipo. Miaka 60, ambayo ndiyo ya kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma, haina shida hiyo kwa sababu 60 inagawanyika kwa 4: aliyezaliwa 29 Februari 1968 atafikisha 60 tarehe 29 Februari 2028 yenyewe.

Hakikisha kwamba kweli ni 29

Kabla ya kumwekea mtu kanuni maalumu, hakikisha tarehe yake. Kuna wanaosema "nimezaliwa mwisho wa mwezi wa pili" na mwandishi akaweka 29 moja kwa moja. Aliyezaliwa siku ya mwisho ya Februari 2003 au 2005 amezaliwa tarehe 28. Siku yake ipo kila mwaka, ni 28 Februari, na hata 2028 inabaki 28. Hahami kwenda 29 eti kwa sababu mwaka huo mwezi umerefuka.

Ugawe mwaka kwa 4 palepale unapoandika. Mtu akikutajia 29 Februari 2005, tarehe hiyo haikuwahi kuwepo: ama siku imekosewa au mwaka umekosewa. Mwombe cheti cha kuzaliwa cha RITA, au kadi ya kliniki kama ni mtoto. Mwenye kitambulisho cha taifa anaweza kusoma namba yake ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ya binti wa mfano wetu inaanza na 20040229. Usinakili namba yote kwenye daftari la keki. Soma nane hizo, hakiki tarehe, mrudishie kitambulisho chake.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu kazaliwa kweli 29, lakini fomu fulani iliwahi kuikataa tarehe yake, akaandikwa 28 Februari au 1 Machi ili mambo yaende. Kwenye daftari lako usifanye hivyo. Andika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, na kanuni ya kumsherehekea ikae kwenye safu yake pembeni. Ukibadilisha tarehe yenyewe, siku moja itagongana na kitambulisho, na hutajua tena ipi ilikuwa ya kweli.

Kwenye jedwali

Fungua Excel au Google Sheets. Mstari wa kwanza uwe na vichwa: A ni jina, B tarehe ya kuzaliwa, C kanuni, D siku yake mwaka huu, E siku inayofuata, F siku zilizobaki, G umri atakaofikisha. Kwenye kisanduku H1 weka tarehe ya leo:

```
=TODAY()
```

Tunaiweka mahali pamoja, badala ya kuiandika ndani ya kila fomula, kwa sababu baadaye tutaibadilisha kwa makusudi ili kulijaribu jedwali.

Safu ya C inawahusu waliozaliwa 29 Februari tu. Aliyechagua mwisho wa Februari mwandikie 28. Aliyechagua Machi mwandikie 1. Wengine wote waache wazi.

Sasa elewa fomula mbili zinazobeba kazi. `DATE` ukiipa mwaka 2027, mwezi 2, siku 29, haikatai. Inaona Februari imeishia 28, siku ya ziada inaisukuma mbele, na jibu linakuwa 1 Machi 2027. `EDATE` inafanya kazi kwa miezi: ukiiambia isogeze 29 Februari 2004 mbele kwa miezi 276, inatua Februari 2027, inakuta hakuna 29, inarudi nyuma hadi siku ya mwisho iliyopo, 28 Februari. Moja inasukuma, nyingine inarudisha. Hiyo ndiyo siri ya vikundi viwili kuwa na majibu ya 138 na 137 kwa mtu mmoja huku kila upande ukiapa kwamba "kompyuta imesema". Kila mmoja alichukua fomula kwa mwenzake bila kujua ndani yake kuna kanuni ipi.

Hapa tunazitumia zote mbili, kila moja kwa mtu wake. Kwenye D2:

```
=IF(C2=28,EDATE(B2,12*(YEAR($H$1)-YEAR(B2))),DATE(YEAR($H$1),MONTH(B2),DAY(B2)))
```

Kwenye E2, kama siku ya mwaka huu haijapita ichukuliwe hiyo, na kama imepita itafutwe ya mwaka ujao:

```
=IF(D2>=$H$1,D2,IF(C2=28,EDATE(B2,12*(YEAR($H$1)+1-YEAR(B2))),DATE(YEAR($H$1)+1,MONTH(B2),DAY(B2))))
```

Kwenye F2 na G2:

```
=E2-$H$1
=YEAR(E2)-YEAR(B2)
```

Ziburute fomula hizi chini hadi mwisho wa orodha, kisha panga mistari kwa safu ya F kuanzia ndogo. Anayefuata atakuwa juu kabisa.

Tumfuate binti wetu ndani ya fomula, akiwa na 28 kwenye C. Mwaka wa H1 ni 2026, wa kuzaliwa 2004, tofauti ni 22. Mara 12 ni miezi 264, na D2 inatoa 28 Februari 2026. Hiyo iko nyuma ya 14 Oktoba, kwa hiyo E2 inaongeza mwaka, miezi 276, inatoa 28 Februari 2027. F2 ni 137, na G2 ni 23. Badilisha C iwe 1, E2 inakuwa 1 Machi 2027 na F2 inakuwa 138. Ni majibu yale yale tuliyoyapata kwenye kalenda ya ukutani.

Alama ya `>=` kwenye E2 usiiguse. Ukiacha `>` peke yake, mtu ambaye siku yake ni leo atahesabiwa kuwa imeshapita, na asubuhi ya siku yake ataonekana amebakiza siku 365. Atakuwa mwisho kabisa wa orodha siku ambayo alipaswa kuwa wa kwanza.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni la macho tu. Baada ya kubandika fomula, E2 inaweza kuonyesha 46446 badala ya tarehe. Hakuna kilichoharibika. Excel huhifadhi tarehe kama idadi ya siku tangu mwanzo wa 1900, na 46446 ndiyo 28 Februari 2027. Chagua safu za D na E uzipe mtindo wa tarehe. Kosa hilo hilo kwa upande wa pili: F2 inaonyesha 16/05/1900. Hiyo ni 137 iliyovalishwa mtindo wa tarehe. Rudisha safu ya F kwenye mtindo wa namba. Na ukitaka kuona kwamba hata programu kubwa zinateleza hapa, andika 29/02/1900 kwenye Excel: itaipokea, ingawa tarehe hiyo haikuwepo. Kosa hilo lilirithiwa kutoka programu ya zamani ya Lotus 1-2-3 na likaachwa makusudi ili mafaili yaendelee kulingana. Kwa watu walio hai leo halina madhara.

La pili lina madhara, nalo ni mpangilio wa tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma mwezi kwanza. Ukiandika 03/02/2004 inaelewa 2 Machi, bila onyo lolote. Ukiandika 29/02/2004 inatafuta mwezi wa 29, inaukosa, na kuyaacha uliyoandika kama maneno. Ndiyo maana aliyezaliwa 29 huwa wa kwanza kuonyesha `#VALUE!`, na watu hudhani shida ni tarehe yake ya ajabu, kumbe yeye ndiye aliyefichua kwamba orodha nzima inasomwa vibaya. Dalili ni rahisi kuiona: tarehe iliyoeleweka hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona baadhi ya tarehe za safu ya B ziko kulia na nyingine kushoto, usirekebishe zile za kushoto pekee. Zilizoko kulia nazo huenda zimegeuzwa, siku ikawa mwezi.

Dawa yake kwenye Google Sheets iko `File`, kisha `Settings`, kisha `Locale`: chagua `United Kingdom`, ambako siku hutangulia kama kwetu. Fanya hivyo kabla ya kuingiza tarehe hata moja. Zilizoingizwa kabla hazijirudi zenyewe, itabidi uziandike upya. Kama huna uhakika na mashine, ingiza tarehe kwa `=DATE(2004,2,29)`, maana hapo mwaka, mwezi na siku haviwezi kubadilishana nafasi. Angalia tu kwamba njia hiyo inapokea hata tarehe isiyokuwepo: `=DATE(2005,2,29)` itakupa 1 Machi 2005 kimyakimya. Kugawanya kwa 4 bado ni kazi yako.

Kwenye ukurasa huo huo wa `Settings` kuna `Time zone`. Iweke GMT+03:00, saa za Afrika Mashariki. Faili likiwa limeachwa kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mwezi Februari liko nyuma yetu kwa saa 11, na `TODAY()` haibadiliki hadi saa tano asubuhi ya Dodoma. Anayefungua orodha saa moja asubuhi kabla ya kupanda daladala anaona ya jana. Akiifungua mchana inamwonyesha vizuri, kwa hiyo kosa linakuja na kuondoka na hakuna anayelipata. Kama orodha yako iko sahihi mchana na inachelewa siku moja asubuhi, angalia hapo kwanza.

La tatu ni la taratibu na linahitaji jicho. Wengi, wakishapata siku ya mwaka huu kwenye D2, hutafuta ya mwaka ujao kwa kuongeza miezi 12 juu ya D2:

```
=EDATE(D2,12)
```

Inaonekana fupi na nzuri, na kwa aliyezaliwa 7 Julai haina tatizo. Kwa binti wetu ina tatizo. Tuseme ni 1 Juni 2027, na D2 ni 28 Februari 2027. Ukiongeza miezi 12 unapata 28 Februari 2028, wakati mwaka huo una 29 na siku yake halisi imerudi. Fomula imesahau kwamba alizaliwa 29, kwa sababu uliianzishia kwenye 28. Atakosa siku yake ya kweli mwaka ule mmoja katika minne ambao anaisubiri. Hesabu kila mara ianzie kwenye B, tarehe ya kuzaliwa, kama fomula za juu zinavyofanya. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie `EOMONTH` kumtafutia mwisho wa Februari: itamhamisha hadi na yule aliyezaliwa 28 Februari 2003, mwaka 2028 imwandike 29.

Na kwenye umri, usitumie `DATEDIF` kujua anafikisha mingapi. Siku ya 28 Februari 2027 itakuambia binti huyu ana 22, kwa kuwa yenyewe inaona mwaka wake haujatimia hadi 1 Machi, na mishumaa itapungua mmoja. Safu yetu ya G inatoa mwaka kwa mwaka, na inatoa 23 kwa kanuni zote mbili. Kwa kuangalia kiwango cha miaka 18, hapo `DATEDIF` inafaa kabisa, kwa sababu msimamo wake ndio ule wa 1 Machi tulioushauri.

Lijaribu kabla ya Februari

Usisubiri Februari ifike ndipo ujue kama jedwali linafanya kazi. Futa `=TODAY()` kwenye H1 na uandike tarehe za majaribio kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku ukitazama F2 ya aliyezaliwa 29 Februari 2004. Haya ndiyo majibu unayopaswa kuyaona:

| H1 | kanuni 28 | kanuni 1 |
|---|---|---|
| 27/02/2027 | 1 | 2 |
| 28/02/2027 | 0 | 1 |
| 01/03/2027 | 365 | 0 |
| 28/02/2028 | 1 | 1 |
| 29/02/2028 | 0 | 0 |
| 01/03/2028 | 364 | 365 |

Mstari wa 28/02/2028 ndio unaokamata makosa mengi. Ukipata 0 kwa kanuni 28, fomula yako imeng'ang'ania 28 hata mwaka mrefu. Karibu kila mara ni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa 28 badala ya 29. `EDATE` iliyoanzia kwenye D badala ya B inakamatwa na mstari wa 01/03/2027: kanuni 28 itatoa 364 badala ya 365. Ukipata 2 kwa kanuni 1, kuna mtu ameandika 1 Machi kama tarehe ya kuzaliwa. Na mstari wa mwisho, ule wa 364, usikushtue: kutoka 1 Machi 2028 hadi 28 Februari 2029 ni siku 364 kweli. Zihesabu kwenye kalenda ya ukutani uone.

Pitisha majaribio hayo hayo kwa mtu aliyezaliwa 28 Februari na aliyezaliwa 1 Machi, ukiacha safu yao ya C wazi. Tarehe 28/02/2028 wa kwanza aonyeshe 0 na wa pili 2, kwa sababu katikati yao ipo 29.

Ukimaliza, rudisha `=TODAY()` kwenye H1. Tarehe ya majaribio ikisahaulika pale, orodha itaganda. Haitatoa kosa lolote wala alama nyekundu, itaendelea tu kuonyesha namba zile zile kila siku. Ndiyo maana H1 tumeipaka rangi ya njano na kuandika "LEO" kwenye I1, pembeni yake: anayefungua faili aone tarehe kwanza, kabla hajasoma jina la mtu yeyote.